Umeruhusiwa baada ya operesheni ya ngiri, ukifika nyumbani fanya hivi

Haya maelezo nawapa wagonjwa wangu kila wakiruhusiwa wodini, na wengi wanaitikia "sawa sista" huku akili ishatangulia nyumbani, ndo maana nayaandika. Naongelea ngiri ya kinena kwa mtu mzima, ile ya kupasuliwa kawaida na kuwekewa meshi, ule wavu mwembamba unaoziba palipoachia. Daktari wako akikuandikia tofauti na haya, mfuate yeye.

Kitu kikubwa uelewe ni kwamba ngozi inafunga kwa wiki moja na nusu hivi, ila huko ndani nyama inahitaji wiki kadhaa kuota na kuushika ule wavu. Maumivu yanaisha mapema, na hapo ndo watu wanadanganyika.

Nichukue mfano wa kaka mmoja mbeba mizigo sokoni, kafanyiwa Jumatatu asubuhi, kesho yake karudi kwake.

Hatua ya 1: kidonda

Bandeji aliyotoka nayo theta haikutakiwa ilowane kwa saa 48, kwa hiyo alijipangusa tu na kitambaa. Jumatano jioni akaitoa, akaoga kwa kujimwagia maji safi, sabuni ikapita juu bila kusugua, halafu akakausha kwa kugusagusa na taulo safi. Kukaa kwenye beseni au kuogelea subiri wiki 2. Nyuzi kama sio za kuyeyuka zenyewe, zinatolewa kati ya siku ya 7 na ya 10.

Na tafadhali sana, usifungue rangi mbili ukamwagia unga kwenye kidonda, wala majivu, wala usikande na maji moto. Ule unga unaganda juu, uchafu unabaki chini yake, na sisi tukija kuangalia hatuoni kitu.

Siku ya tatu huyu kaka alipiga simu kashtuka, korodani imevimba na imekuwa nyeusi. Hiyo mara nyingi ni damu ya kwenye mshono inashuka chini, inaisha yenyewe taratibu. Vaa chupi inayobana kidogo, ukilala weka taulo iliyokunjwa chini ya korodani. Pia utapapasa mstari mgumu chini ya kidonda, wengi wanadhani ngiri imerudi, lakini ngiri inatokeza ukisimama au ukikohoa na kurudi ndani ukilala, huo mstari haubadiliki, ni kovu linajijenga.

Hatua ya 2: maumivu

Siku 3 za mwanzo meza dawa kwa ratiba, usingoje mpaka iume. Parasetamo ya miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima. Ukiwa umeandikiwa ibuprofeni, meza ukishakula, na kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo au pumu sema kabla hujapewa. Mtego uko duka la dawa, unauziwa diklofenaki iliyochanganywa na parasetamo juu ya zile ulizopewa hospitali, unajikuta unameza parasetamo mara mbili bila kujua. Peleka vidonge vyako uwaonyeshe.

Tramado, ile dawa kali ya maumivu, ukiwa umeandikiwa, inafunga choo, na kujikamua chooni kunasukuma palepale palipozibwa. Kunywa maji, kula papai na mboga, ikipita siku 2 au 3 bila choo omba dawa ya kulainisha.

Hatua ya 3: kubeba

Tembea kuanzia siku ya kwanza, kulala tu sio tiba. Kuamka geukia ubavu kwanza ndo ujisukume kwa mikono, ukikohoa bana kidonda na kiganja. Wiki 2 za mwanzo usizidi kilo 5, yaani dumu la lita 5 basi, ndoo kubwa ya maji ni kilo 20 hiyo, mwachie mwingine, mtoto akae mapajani badala ya kumnyanyua. Siku ya 12 kaka yetu akasema "sista siumwi tena, narudi mzigoni", nikamwambia biashara ya kukaa sawa, magunia mpaka wiki 6 zipite na daktari amwangalie. Bodaboda usiendeshe mpaka uweze kukanyaga breki kwa nguvu bila kushtuka.

Hatua ya 4: rudi hospitali bila kungoja kliniki

Homa ya 38 na kuendelea, usaha, wekundu unaosambaa, uvimbe unaokua haraka au damu isiyokoma hata ukikandamiza. Kushindwa kukojoa saa 6 hadi 8 huku kibofu kimejaa. Korodani kuuma kwa ukali, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye misuli ya nyuma, kifua kubana au kuhema kwa shida, hizo ni za kukimbia saa hiyohiyo. Na uvimbe ukitokea kinenani ukawa mgumu, unauma, haurudi ndani, unatapika na hata ushuzi hautoki, utumbo unaweza kuwa umenasa, njoo hata usiku wa manane, na njiani usile wala usinywe kitu maana unaweza kuingizwa theta muda huohuo.