Somo: Kupanga insha ya Takadini kutoka kwenye swali lililopigwa picha

Maswali ya fasihi siku hizi yanatufikia kama picha: ukurasa wa mtihani wa moko, umepigwa kwa haraka, kivuli cha simu kikiwa katikati. Somo hili linalichukua swali moja la aina hiyo, la riwaya teule ya Takadini ya Ben Hanson, na kulifikisha kwenye msimamo na mpango wa aya. Kuandika insha yenyewe ni kazi ya baadaye.

Swali letu la mfano linasema hivi: "Mila zisizopimwa huwaumiza hata wale zinaodai kuwalinda." Jadili kauli hii kwa kutumia hoja 4 kutoka riwaya ya Takadini.

Hatua ya 1: Nakili swali kwa mkono. Usipange insha huku unachungulia picha. Ikuze, soma neno kwa neno, kisha andika swali lote kwenye karatasi, pamoja na maelekezo ya sehemu lilimo. Kwa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ukanushi wetu wakati mwingine hujificha katikati ya neno. Tazama "zisizopimwa". Picha ikiwa na ukungu, herufi moja inatosha kukupoteza: ukiisoma "zilizopimwa", umeligeuza swali juu chini, na hoja zako zote 4 zitajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Neno likikutia shaka, lisome pamoja na sentensi nzima. Mila zilizokwisha kupimwa zina sababu gani ya kuumiza? Hapo utajua kuwa ni "zisizo".

Angalia pia mwisho wa swali, maana idadi ya hoja mara nyingi hukaa kwenye mstari wa chini, ndio huo huo ambao picha huukata. Kama sentensi ya mwisho haina nukta, omba picha nyingine.

Hatua ya 2: Vunja kauli vipande. Hapa viko vitatu: mila *zisizopimwa* (si mila zote), *huwaumiza hata wale* (waumiao ni zaidi ya kundi moja), na *zinaodai kuwalinda* (kuna dai la ulinzi). Wengi hukishika kipande cha katikati tu, wakaorodhesha mateso ya Sekai na mwanawe Takadini kuanzia mwanzo hadi mwisho. Insha ya namna hiyo inageuka muhtasari wa kitabu, na kosa lilianzia hapa, kabla kalamu haijaandika aya hata moja.

Neno "jadili" nalo linadai kitu. Linataka uipime kauli, useme inasimama wapi na ina mpaka gani.

Hatua ya 3: Andika sentensi ya msimamo. Msimamo dhaifu ni huu: "Ni kweli mila huumiza watu katika riwaya ya Takadini." Huo umerudia swali tu. Msimamo unaofanya kazi unataja mila ipi, inamuumiza nani, na kwa nini:

*Mila ya kumuua mtoto sope, yaani mwenye ualbino, inadai kuikinga jamii na balaa, lakini inamuumiza mtoto, mama na baba wa jamii hiyo hiyo, na nguvu yake inadumu mpaka pale mtu anapothubutu kuipima.*

Hesabu vipande vyake: mtoto, mama, baba, kupimwa. Ndizo aya 4 za kiini. Msimamo mzuri hubeba mpango wa aya ndani yake. Ukiusoma na usione aya zako, urudie.

Hatua ya 4: Panga aya. Kila aya iandikie mistari mitatu tu: hoja, tukio, na kamba inayorudi kwenye swali.

Aya ya 1. Hoja: mila inamhukumu mtoto kabla hajatenda lolote. Tukio: Takadini anazaliwa sope, na desturi inataka auawe. Kamba: dai la kuikinga jamii linamnyima ulinzi mwanajamii mchanga kuliko wote.

Aya ya 2. Hoja: mila inamlazimisha mama kuchagua kati ya mtoto na jamii yake. Tukio: Sekai, mke wa Makwati aliyekaa muda mrefu bila kupata mtoto, anatoroka na kichanga chake. Kamba: kilichopaswa kumhifadhi ndicho kinachomfukuza.

Aya ya 3. Hoja: mila inamfunga hata mwenye mamlaka ya nyumba. Tukio: Makwati ni baba, lakini desturi haimwachii nafasi ya kumtetea mwanawe. Kamba: hapa ndipo neno "hata" la kwenye swali linapata jibu lake. Aya hii wengi huiacha, na ndiyo inayoonyesha kuwa swali limesomwa.

Aya ya 4. Hoja: mila ikipimwa hulegea. Tukio: mzee Chivero anawapokea Sekai na mwanawe katika kijiji cha Mtemi Masasa, Takadini anajifunza kupiga mbira, na msichana Shingai anamchagua awe mumewe. Kamba: huu ndio mpaka wa kauli, kinachoumiza ni mila isiyopimwa.

Utangulizi utabeba jina la kitabu, mwandishi na msimamo. Hitimisho sentensi 2 au 3, bila hoja mpya.

Hatua ya 5: Funika matukio. Weka mkono juu ya mistari ya matukio, usome hoja 4 peke yake. Zikijibu swali bila msaada wa hadithi, mpango umeiva. Ukikuta hoja iliyoandikwa "Sekai alitoroka kijijini", hilo ni tukio lililokaa mahali pa hoja. Liulize: linathibitisha nini? Jibu lake ndilo hoja. Kazi yote hii isizidi dakika 10.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Swali likitaka vitabu viwili, hoja 3 kila kitabu, niandike misimamo miwili?*

Marahaba. Hapana, msimamo ni mmoja, upana wake utoshe vitabu vyote viwili. Panga aya 6, umalize kitabu cha kwanza ndipo uingie cha pili. Usichanganye vitabu viwili ndani ya aya moja; msahihishaji atapata tabu kujua hoja ipi ni ya kitabu kipi.

*Mimi sikumbuki maneno halisi ya wahusika. Nitapoteza alama?*

Eleza tukio kwa maneno yako: nani, alifanya nini, katika hali gani. Usitunge maneno ukayawekea alama za mtajo. Anayesahihisha anakijua kitabu.

*Mwalimu, kwenye aya ya 4 mbona hukutaja mtoto wa Takadini na Shingai? Alizaliwa bila ualbino, si ndiyo ushahidi mkubwa?*

Unaweza kumtumia, ila angalia kamba utakayofunga. Ukiandika "mtoto alizaliwa wa kawaida, kwa hiyo Takadini alistahili kuishi", umekubaliana na mila bila kujua, maana umesema angezaliwa sope mwingine Takadini asingestahili. Andika hivi: jamii iliogopa jambo ambalo haikuwahi kulipima, na kuzaliwa kwa mtoto yule kukaonyesha kuwa hofu ile haikuwa na msingi. Tukio ni lile lile, lakini sasa linalijibu neno "zisizopimwa".