Karibu miaka minne bila ajira: namna ya kuieleza kwenye ujumbe wa maombi ya kazi

Tuchukue mwombaji mmoja. Ni mhasibu msaidizi, alifanya kazi kwa muuzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi Kariakoo hadi mwisho wa Machi 2021, kisha akarudi Moshi kumuuguza mama yake aliyepata kiharusi. Mwanzoni mwa 2025 anaomba tena kazi Dar es Salaam kwa barua pepe. Uzoefu anao, lakini hapo katikati pana pengo la miaka mitatu na miezi tisa, na afisa rasilimali watu ataliona mara tu akifungua wasifu.

Hatua ya 1: Pata tarehe kwenye karatasi

Usianze kuandika kwa kumbukumbu. Toa cheti cha utumishi au barua ya kukoma kwa ajira, na taarifa ya michango yako ya NSSF (PSSSF kama ulikuwa serikalini). Mwezi wa mwisho uliochangiwa kwa kawaida unaonyesha lini ulikuwa bado kwenye orodha ya mishahara, labda kama mwajiri alikuwa anachelewesha michango. Hapo barua ndiyo iaminiwe.

Wengi hujaribu kulifinya pengo kwa kuandika miaka mitupu: "2016–2021", kana kwamba walikuwepo hadi Desemba. Mwajiri akimpigia mdhamini wako na kuambiwa uliondoka Machi, pengo lenyewe linasahaulika na swali linakuwa kwa nini ulificha. Andika mwezi na mwaka, na tarehe zilezile zionekane kwenye wasifu, kwenye ujumbe na kwenye fomu kama ipo.

Hatua ya 2: Taja sababu moja, kwa jina lake la jumla

Msomaji anataka kujua aina ya sababu. Undani wake hauhitaji. "Namuuguza mzazi", "nalea mtoto mchanga", "matibabu", "kupunguzwa kazini", "biashara yangu mwenyewe, sasa imefungwa": maneno mawili matatu yanatosha. Kama pengo lilitokana na ugonjwa wako, huna haja ya kuutaja. "Nilikuwa kwenye matibabu, ambayo yamekamilika" ni sentensi kamili, ilimradi kweli yamekamilika. Kwa Tanzania, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi kama ujauzito, majukumu ya familia, ulemavu na VVU, na kinamhusu hata mwombaji wa kazi. Sheria hiyo ni kinga. Usiinukuu kwenye ujumbe, utasomeka kama mtu aliyekuja na kesi.

Mahali ambapo watu hujikwaa ni namna ajira ilivyokoma. Kuacha, mkataba kuisha, kupunguzwa na kuachishwa ni mambo manne tofauti. Aliyeachishwa akiandika "niliacha" amesema uongo unaofumbuliwa na simu moja. Anaweza kuandika "ajira yangu ilikoma Machi 2021", ambayo ni kweli, na akiulizwa kwenye usaili aeleze bila kupindisha.

Hatua ya 3: Andika sentensi tatu

Ya kwanza itoe tarehe na sababu. Ya pili ioneshe kwamba sababu hiyo haipo tena au imepata mtu mwingine wa kuibeba. Ya tatu ioneshe kitu kimoja au viwili vilivyokuweka karibu na kazi. Sentensi ya pili ndiyo inayosahauliwa zaidi, na ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa sababu hofu ya mwajiri iko mbele: je, mtu huyu ataondoka tena baada ya miezi mitatu?

Hivi ndivyo mwombaji wetu alivyoandika mara ya kwanza:

> Ndugu Meneja, kwanza naomba samahani kwa kuwa sijawa kazini muda mrefu. Mama yangu alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza, na ndugu zangu wana familia zao, hivyo ikanilazimu kuacha kazi. Ilikuwa kipindi kigumu sana kifedha na kiakili. Hata hivyo niko tayari kufanya kazi yoyote kwa mshahara wowote.

Hakuna uongo hapo, lakini ujumbe unaharibika sehemu nne. Samahani inalifanya pengo kuwa kosa. Habari za mama ni siri yake, na meneja asiyemjua hana la kufanya nazo. Hakuna mwaka hata mmoja, kwa hiyo msomaji atapiga hesabu mwenyewe, na huenda akakosea. "Kazi yoyote kwa mshahara wowote" inamshusha mhasibu mwenye uzoefu wa miaka mitano hadi kibarua kabla hata ya kuitwa.

Toleo la pili:

> Kuanzia Aprili 2021 hadi Desemba 2024 sikuwa kwenye ajira kwa sababu nilikuwa namuuguza mzazi. Uangalizi huo sasa uko kwa ndugu yangu, nami nipo Dar es Salaam tayari kuanza kazi. Katika kipindi hicho nilitunza madaftari ya hesabu ya kikoba cha wanachama 25, na Novemba 2024 nilimaliza mafunzo mafupi ya Tally.

Ni maneno yasiyofika 50. Kama ujumbe wote una maneno 150 hadi 180, pengo limepewa chini ya theluthi moja, na hapo ndipo liishie. Kikoba kimeitwa kikoba. Hakuna "Mkurugenzi wa Fedha", cheo ambacho swali moja tu la msaili lingekiangusha. Kama hukufanya lolote linalohusiana na taaluma yako, iache sentensi ya tatu. Mbili za kweli zinatosha.

Hatua ya 4: Weka aya hiyo mahali pake

Isiwe ya kwanza. Barua pepe nyingi husomwa kwenye simu, na mistari miwili mitatu ya mwanzo ndiyo inayoamua kama kiambatisho kitafunguliwa. Anza na kazi unayoomba na unachokiweza: miaka mitano ya kuandaa ankara, usuluhisho wa benki kila mwezi, ritani za kodi ya ongezeko la thamani. Aya ya pengo ifuate, kisha ufunge kwa namba ya simu na viambatisho. Kuisukuma mwisho kabisa nako si kuzuri, kwani linakuwa neno la mwisho analobaki nalo msomaji.

Tangazo likiwa la Kiingereza, ujumbe wote uwe wa Kiingereza, pamoja na aya hii. Na kwenye wasifu weka mstari mmoja tu kati ya ajira mbili: "Aprili 2021 – Desemba 2024: uangalizi wa mzazi". Usirudie aya nzima.

Hatua ya 5: Waandae wadhamini na jibu la simu

Watumie wadhamini wako tarehe ulizoandika kabla hujabonyeza kutuma. Bosi wa zamani anaweza kuwa amesahau kama uliondoka Machi au Juni, na atakisia kwa nia njema kabisa.

Maombi yakienda kwa WhatsApp, kama wafanyabiashara wengi wanavyotaka siku hizi, punguza hadi sentensi mbili: "Nilikuwa namuuguza mzazi kuanzia Aprili 2021 hadi Desemba 2024. Sasa nipo Dar es Salaam na naweza kuanza kazi." Ukipigiwa na kuulizwa, sema hayohayo kwa mdomo, kisha nyamaza umwache aulize linalofuata. Anayeendelea kujieleza baada ya jibu kukamilika ndiye hujikuta akitaja mambo ambayo hakuna aliyeyauliza.