Somo: Kufuta muhuri, mwandiko na alama za selotepu kwenye picha ya zamani

Wengi wakishaskani picha ya babu hukimbilia brashi, wakaupaka muhuri rangi mpaka koti la mzee likawa kama ukuta uliopigwa lipu. Kwa picha nyeusi na nyeupe mara nyingi hakuna haja. Wino wa muhuri una rangi, picha yenyewe haina, na tofauti hiyo ndiyo itakayotufanyia sehemu kubwa ya kazi. Brashi ni ya mwisho.

Picha ya somo hili ilipigwa studio moja ya Kisumu mwaka 1964. Mzee kutoka Luanda amesimama na sare ya reli. Muhuri wa studio, wa zambarau, umepanda juu ya mkono wa koti. Chini kuna majina ya biro ya buluu, na mkia wa herufi ya mwisho umeingia kwenye kiatu. Juu kushoto picha ilipasuka ikaungwa kwa selotepu, na sasa pamebaki mstari wa rangi ya chai. Programu ni GIMP, haina malipo.

1. Kuskani

Skani kwa rangi, ingawa picha ni nyeusi na nyeupe. Ukichagua kijivu, skana inaunganisha rangi zote kuwa moja na huwezi tena kuzitenganisha. Weka 600 dpi, hifadhi kama TIFF, na uzime marekebisho yote ambayo skana hujifanyia yenyewe.

Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida haifai hapa. Ikibanwa, rangi ndiyo hupunguzwa kwanza, kwa hiyo ukingo wa wino unasambaa na kuacha kivuli. Anayekutumia akiwa mbali, mwambie askani na atume faili kama Document.

Selotepu usiibandue. Gundi yake ikishazeeka hung'oka na ngozi ya picha, na hapo hakuna programu itakayokuokoa. Skani na upande wa nyuma pia. Majina unayoyafuta leo ndiyo wajukuu watakayokuja kuyauliza.

2. Kutenganisha rangi

Nenda Colors > Components > Decompose, chagua RGB, na uweke alama kwenye Decompose to layers. Utapata matabaka matatu ya kijivu: red, green na blue. Yazime na kuyawasha moja moja kwa alama ya jicho, na uangalie bila haraka.

Kwenye blue, biro imekaribia kupotea na muhuri wa zambarau umefifia sana, lakini mstari wa selotepu umekuwa mweusi. Kwenye red ni kinyume: selotepu haionekani, biro imekolea. Wino wa buluu hurudisha mwanga wa buluu, kwa hiyo katika tabaka hilo unafanana na karatasi. Madoa ya manjano hunyonya mwanga huo wa buluu na kuuachia mwekundu.

Ndiyo maana hakuna tabaka moja linalotosha. Tutachukua kipande huku na kipande kule.

3. Kusawazisha

Sogeza green iwe chini kabisa, ndiyo msingi wetu. Karatasi ya zamani imegeuka manjano, kwa hiyo blue yote itakuwa nyeusi zaidi kuliko green. Ukiichomeka hivyo itaonekana kama kiraka. Ukiwa kwenye tabaka la blue fungua Colors > Levels, vuta kishale cha kulia kuelekea kushoto, kisha cha katikati, huku ukilinganisha sehemu safi iliyo kando ya muhuri. Usilinganishe picha nzima, linganisha kitambaa kile kile cha koti kilicho pembeni. Fanya vivyo hivyo kwa red, ila hapo linganisha ukuta ulio kando ya selotepu. Red kwa kawaida itahitaji kutiwa giza kidogo.

Hatua hii watu huiruka, halafu wanalaumu brashi.

4. Maski

Bofya tabaka la blue kwa kitufe cha kulia, chagua Add Layer Mask, halafu Black (full transparency). Tabaka linajificha lote. Chukua brashi laini yenye rangi nyeupe, hakikisha unapaka kwenye maski na si kwenye picha, kisha pita juu ya muhuri na mwandiko tu. Koti linajitokeza chini ya wino, na nyuzi zake zote zipo, kwa sababu hukubuni kitu. Rudia kwa red juu ya selotepu. Ukipitiliza mpaka, paka nyeusi na sehemu hiyo itarudi ilivyokuwa.

5. Mabaki

Mstari wa mpasuko wenyewe bado upo, na muhuri umeacha kivuli hafifu. Sasa ndipo brashi inapoingia. Chagua Layer > New from Visible ili ufanye kazi juu ya nakala.

Penye ukingo, kama pindo la mkono wa koti, tumia Clone. Shika Ctrl na ubofye kwenye pindo hilo hilo juu kidogo, kisha paka kwa kulifuata. Heal iache kwa sehemu tambarare, kama ukuta. Ukiitumia karibu na ukingo mweusi, weusi unavuja na kuacha doa la moshi.

Kujua kama umekosea, tazama kwa 100%. Sehemu uliyotengeneza ikiwa laini kuliko jirani zake, chembechembe za picha zimefutika. Rudi nyuma na utumie chanzo cha karibu zaidi. Mimi pia hugeuza picha kwa Image > Transform > Flip Horizontally, kwani alama zilizojirudia huonekana haraka jicho likikosa mazoea.

Hifadhi XCF yenye matabaka, kisha toa TIFF au JPEG ya familia.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Kakamega: Mwalimu, muhuri wangu ni mweusi, umepita shavuni mwa bibi. Nimetenganisha rangi, hakuna kilichobadilika.*

Hakitabadilika, dada. Wino mweusi hunyonya rangi zote tatu sawasawa, hapo ni Clone na Heal tu. Shavu linawezekana, chukua ngozi ya upande ule ule wenye mwanga kama huo. Ila muhuri ukiwa umefunika jicho lenyewe, uache. Ukichora jicho, utakuwa umemtengeneza mtu mwingine.

*Kutoka Nakuru: Nina picha ya rangi ya mwaka 1996, tarehe ya machungwa iko kona ya chini juu ya gauni la mtoto. Njia hii itafaa?*

Kwa sehemu ndogo sana. Tarehe ile si wino. Kamera iliichoma kwenye filamu yenyewe kwa taa ndogo, kwa hiyo hata ukipata negativu utaikuta humo. Katikati ya tarakimu hakuna picha iliyobaki ya kurudisha. Anza na pindo la gauni kwa Clone, kisha Heal kwa brashi iliyo pana kidogo kuliko mstari wa tarakimu, ili imeze na ule mng'ao wa pembeni. Tarehe iandike kwenye jina la faili, ingawa usiiapie. Kamera nyingi hazikuwahi kuwekwa saa sahihi.

*Kutoka Kisumu: Biro imetoka vizuri, lakini bado naona herufi kama mikwaruzo inayong'aa.*

Hayo ni mashimo, kalamu ilikandamiza karatasi. Taa ya skana hupiga kutoka upande mmoja, ndiyo maana kila shimo lina kivuli. Skani tena picha ikiwa imegeuzwa kichwa chini, izungushe nyuzi 180 kwenye GIMP, iweke juu ya ile ya kwanza na ushushe Opacity hadi 50. Zilinganishe vizuri, kwa maana zikipishana hata kidogo uso utakuwa na ukungu, kisha ziunganishe kwa Image > Flatten Image kabla ya Decompose.