Kusoma saa janja juani bila kumaliza chaji

Shemeji yangu anaendesha bodaboda, kutwa yuko kati ya Nyali na Likoni. Saa yake ilikuwa inazima kabla ya magharibi, na mchana juani hasomi kitu. Nikadhani betri imechoka. Kumbe ni rangi. Haya ni ya skrini za AMOLED, ambazo kila pikseli hujiwakia yenyewe.

1. Washa `Always On Display`, yaani skrini ionyeshe saa muda wote bila kuzima. Wengi huwaambia watu waizime, wawe wanainua mkono tu. Lakini mkono ulioshika usukani hauinuliwi, kwa hiyo yeye anaihitaji.

2. Acha mwangaza ujirekebishe wenyewe. Yeye aliuweka juu kabisa, ukala chaji hata kivulini. Ila angalia mkono wa jaketi: ukifunika kioo, kihisi cha mwanga hudhani ni giza na skrini hufifia.

3. Chagua uso wa saa na rangi. Hapa ndipo nilipoteza jioni nzima.

Uso wake ulikuwa na tarakimu za buluu juu ya kijivu kizito. Katika nyeupe ya skrini, takriban asilimia 72 ya mwangaza tunaouona hutoka kwenye kijani, 21 kwenye nyekundu, na 7 tu kwenye buluu. Kwa hiyo buluu inakula umeme na jicho halipati kitu. Juani inamezwa kabisa. Nikambadilishia kijani cha ndimu. Nyeupe nayo inasomeka vizuri, ila huwasha rangi zote tatu.

Kisha ile kijivu. Dukani utaapa ni nyeusi. Ingia chumbani usiku, zima taa, utazame ukingo wa kioo: ukiona duara zima linang'aa kidogo, pikseli zote zinawaka. Nyeusi halisi haionekani, tarakimu zinaelea gizani.

Tarakimu zenye mstari mwembamba huokoa chaji, lakini mimi sizipendi. Pikipiki ikitikisika hazishikiki. Weka saa na dakika pekee, nene na kubwa, uondoe hatua, mapigo ya moyo na hali ya hewa.

Na hili ndilo lililonichosha: nilibadilisha rangi mara tatu, skrini ikilala buluu inarudi. Nyuso nyingine zina mtindo wake wa kulala, usiofuata rangi uliyochagua. Shika uso kwa kidole, ingia kwenye kuhariri, utafute kama sehemu hiyo inabadilika. Kama haibadiliki, tupa uso huo utafute mwingine.

4. Jaribu nje. Saa sita mchana, foleni ya feri, bila kuinua mkono. Ukivaa miwani ya jua yenye polaroidi, geuza kichwa kidogo: skrini ikififia, ni miwani, si saa.

Siku ya kwanza shemeji alinipigia baada ya isha: "Bado ina asilimia 38. Lakini abiria ananiuliza mbona saa yangu ina rangi ya ndimu."