Kupima mafuta ya mwili kwa mizani ya chini ya maji: hesabu ya msongamano na hewa inayobaki mapafuni

Mwili uliozama hupungukiwa na uzito sawa na ule wa maji uliyoyasukuma. Ukitoa uzito wa majini kwenye uzito wa nchi kavu, kisha ukagawanya jibu kwa msongamano wa maji, unapata ujazo wa mwili. Ukishajua uzito na ujazo, umepata msongamano, na kutoka hapo unafika kwenye asilimia ya mafuta, kwa sababu kila lita ya mafuta ina kilo 0.90 hivi na sehemu nyingine za mwili kwa jumla huchukuliwa kuwa na kilo 1.10.

Tatizo ni hewa. Hata mtu akitoa pumzi yote aliyoweza, mapafuni hubaki lita moja hadi mbili ambazo haziwezi kutoka. Hewa hiyo husukuma maji lakini uzito wake ni kidogo mno, kwa hiyo usipoiondoa kwenye hesabu itahesabiwa kama mafuta. Makosa makubwa ya kipimo hiki huanzia hapa, mara nyingi kuliko kwenye mizani yenyewe.

Hatua ya 1: Mwandae anayepimwa

Aje akiwa hajala kwa saa tatu au nne, na hajanywa vinywaji vyenye gesi. Aende haja zote kabla ya kupimwa. Avae vazi la kuogelea linalobana, lisilo na mifuko wala sponji. Mpime nchi kavu akiwa na vazi hilo hilo, kwenye mizani inayosoma angalau hadi gramu 50.

Mweleze mapema kwamba anaweza kuinuka muda wowote akitaka hewa. Mtu mwenye hofu hatoi pumzi yote, na kipimo chake hakitakuwa na maana.

Hatua ya 2: Pima hewa inayobaki

Njia ya kuaminika ni kuipima kwa gesi: mtu anapumua ndani ya mfumo uliofungwa wenye heliamu, au anapumua oksijeni safi ili nitrojeni iliyomo mapafuni itoke na kupimwa. Rudia mara mbili, na vipimo visipishane kwa zaidi ya lita 0.1. Ikiwezekana, apimwe akiwa ndani ya maji na katika mkao ule ule wa kuinama atakaokuwa nao wakati wa kupimwa uzito, kwa kuwa maji hukandamiza kifua na mkao hubadilisha kiasi cha hewa.

Usisahau joto. Gesi iliyo kwenye kifaa ina joto la chumba, ilhali ya mapafuni ina joto la mwili na imejaa mvuke. Kwa chumba cha nyuzi 25 za Selsiasi, zidisha ujazo kwa 1.075. Mashine nyingi hufanya hivyo zenyewe. Hakikisha, ili usirekebishe mara mbili.

Kama huna kifaa, kuna makadirio yanayotumia umri na urefu. Kwa wanaume watu wazima, fomula ya mtafiti Crapo ya 1982, ambapo HB ni hewa inayobaki kwa lita, ni:

```
HB = 0.0216 × urefu(cm) + 0.0207 × umri − 2.840
```

Kwa wanawake:

```
HB = 0.0197 × urefu(cm) + 0.0201 × umri − 2.421
```

Haya ni makadirio ya kundi. Kwa mtu mmoja yanaweza kukosea kwa lita 0.3 au 0.4 bila ajabu yoyote, na hapa chini utaona kosa hilo lina uzito gani.

Hatua ya 3: Pima chini ya maji

Maji yawe kati ya nyuzi 33 na 36, yawe yametulia. Soma kipimajoto wakati wa kipimo chenyewe, maana maji hupoa. Kwanza pima kiti kitupu, minyororo na mkanda wa risasi kama utatumika, vyote vikiwa vimezama hadi kina kile kile vitakachokuwa nacho mtu akikaa. Mwenye mafuta mengi huelea, kwa hiyo anahitaji mkanda huo.

Alowe vizuri, apapase nywele na vazi kuondoa mapovu, avae kibana pua, akae. Ainame polepole huku akitoa pumzi, aendelee kusukuma hewa hadi povu likome kabisa, kisha atulie kwa sekunde tano hadi kumi. Soma mizani ikiacha kuyumba, usisome pale ilipogusa juu kabisa.

Majaribio ya kwanza karibu kila mara husoma uzito mdogo, kwa sababu mtu bado anajifunza kutoa pumzi. Endelea hadi nane au kumi. Namba zikiwa bado zinapanda, hewa bado inabaki zaidi ya inavyopaswa. Zikitulia, chukua wastani wa tatu nzito zaidi, mradi zisipishane kwa zaidi ya gramu 100.

Hatua ya 4: Hesabu

```
V = (Uk − Um) / Dm − (HB + 0.1)
D = Uk / V
Mafuta% = 495 / D − 450
```

Uk ni uzito wa nchi kavu. Um ni uzito wa majini baada ya kutoa kiti na mkanda. Dm ni msongamano wa maji kwa joto lake. HB ni hewa inayobaki kwa lita. Ile 0.1 ni kadirio la gesi ya tumboni. Mstari wa mwisho ni fomula ya mtafiti aitwaye Siri.

Chukua mwanaume wa miaka 30, urefu sm 178, kilo 80.00. Majini amesoma kilo 3.60 baada ya kutoa kiti. Maji yana nyuzi 34, hivyo Dm ni 0.9944. Hewa iliyopimwa ni lita 1.30.

```
(80.00 − 3.60) / 0.9944 = 76.83
V = 76.83 − 1.40 = 75.43
D = 80.00 / 75.43 = 1.0606
Mafuta = 16.7%
```

Usikate desimali za D mapema. Beba angalau nne.

Sasa angalia hewa inavyocheza na jibu. Ukisahau ile lita 1.30, mtu huyo huyo anapata asilimia 24.8. Ukitumia kadirio la Crapo, ambalo kwake ni lita 1.63, anapata 14.7. Kosa la lita 0.33 limemwondolea pointi mbili, na hakuna kitu kwenye mizani kitakachokuonyesha hilo. Ukichukulia maji kuwa na msongamano wa 1.000, jibu hushuka hadi 14.1.

Kipimo cha haraka cha kosa ni kugawanya 495 kwa kilo za mtu: hizo ndizo pointi za mafuta kwa kila lita iliyokosewa. Kwa kilo 80 ni 6.2, kwa kilo 55 ni 9. Kosa lile lile la hewa humwumiza zaidi mtu mdogo. Na kwa kuwa mililita 100 za hewa iliyobaki bila kujulikana hupunguza takriban gramu 100 kwenye mizani, kutoa pumzi nusunusu huonekana kama mafuta ya ziada.

Jibu likishangaza

Mwanariadha mwembamba akipata asilimia hasi, kwanza shuku HB iliyokadiriwa juu mno au uzito wa kiti uliosahauliwa kutolewa. Vikiwa sawa, chanzo huenda ni fomula ya Siri yenyewe: inadhani sehemu isiyo mafuta ina 1.10 kamili kwa kila mtu, na wenye mifupa mizito huzidi hapo. Kwa watoto na wazee msongamano huo kwa kawaida huwa chini, na fomula huwapa mafuta mengi kuliko waliyo nayo.

Ukimpima mtu tena baada ya miezi kadhaa na huna kifaa cha gesi, tumia HB ile ile ya mara ya kwanza. Kosa lake litabaki karibu lile lile pande zote mbili, na tofauti ya mafuta itaaminika zaidi kuliko kila namba peke yake. Andika pia kwenye fomu ya majibu kama hewa ilipimwa au ilikadiriwa.