Kusahihisha insha ya methali: "Mwacha mbachao kwa msala upitao"

Muhula huu nimesahihisha rundo la insha za kidato cha nne pamoja na mwalimu mgeni katika idara yetu. Swali lilifuata utaratibu wa karatasi ya kwanza ya KCSE: tunga kisa kitakachodhihirisha maana ya methali, maneno yapatayo 400, alama 20. Hijai na sarufi hazikumsumbua. Kilichomkwamisha ni kujua iwapo kisa kimeibeba methali, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

1. Vunja methali kabla ya kufungua daftari lolote

Andika sehemu zake kwenye karatasi ya kando. Ya kwetu ina nne: mhusika ana kitu chake, hata kama kimechakaa, anakiacha kwa hiari, anavutiwa na kingine kinachong'aa zaidi, na hicho kingine hakidumu, kinampita. Usisahihishe kwa kutegemea neno moja kama "tamaa". Kisa cha mwizi aliyechomwa na umati kina tamaa tele, lakini hakina mbachao wala msala.

2. Soma mara ya kwanza bila kalamu

Mpaka mwisho.

3. Pima kisa dhidi ya zile sehemu nne

Chukua insha mbili zilizotuletea ubishi. Katika ya kwanza, kijana ni fundi cherehani katika duka la mjomba wake. Mapato ni haba lakini ya uhakika. Kampuni ya kujenga barabara inafika kijijini na kulipa maradufu, naye anaacha cherehani licha ya kuonywa. Barabara inakamilika, vibarua wanaachishwa kazi, na akirudi dukani anakuta fundi mwingine ameshakalia kiti chake. Sehemu zote nne zipo.

Insha ya pili ina kijana kama huyo, lugha tamu kuliko ya kwanza, kisha siku ya kwanza kazini anagongwa na lori na kukatwa mguu. Mwenzangu alitaka kuipa 15. Nilimuuliza: tukiifuta ajali hii, msala ungepita? Usingepita, kampuni ingali pale, mshahara ungali unalipwa. Mwanafunzi amemwadhibu mhusika, hajaionyesha methali. Ajali, ukimwi na jela ndizo njia za mkato zinazotumiwa sana kufunga visa vya methali, na lugha nzuri huzifunika.

Hata hivyo, usikate kila insha yenye ajali. Mwenye kampuni akifariki na kazi ikafungwa, msala umepita kweli. Tazama pia thamani ya mbachao: kama mjomba alikuwa akimpiga kijana na kumnyima ujira, kuondoka kwake si upumbavu, na methali imelegea tangu aya ya pili. Na kama anarudi na kupokewa kwa mikono miwili, hajapoteza kitu. Hapo kisa kimefika karibu na maana bila kuigusa.

Aliyefafanua maana tu bila kutunga kisa, au aliyeonyesha upande mmoja, mpe kikomo kilichowekwa na mwongozo wenu. Vikomo hutofautiana, kwa hiyo jopo likubaliane kabla ya kuanza. Sisi tulikubaliana kwamba upande mmoja hauvuki 10.

4. Fuatilia mtiririko

Sasa shika penseli, si kalamu nyekundu, utabadilisha mawazo. Tia alama ya vema pambizoni pale hoja inapokamilika. Zikirundikana zote katika aya mbili za mwanzo, mwisho umeharakishwa. Mimi hudai sababu kati ya tukio na tukio: kwa nini alipuuza onyo? Nani alimshawishi? "Basi siku moja" ikijirudia kila aya, matukio yamepangwa tu, hayajaunganishwa. Utangulizi wa kukariri, wenye majogoo yanayowika na jua linalotabasamu, siupi chochote hadi niuone ukihusiana na kisa.

5. Makosa ya lugha

Mistari miwili chini ya kosa la sarufi, mmoja chini ya kosa la hijai, kila kosa linapotokea mara ya kwanza tu.

6. Toa alama

Chagua kiwango kwanza (D ni 1 hadi 5, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15, A ni 16 hadi 20), ndipo utafute nafasi yake ndani ya kiwango. Usihesabu makosa ukitoa kutoka 20. Insha ya fundi wa barabara ilikuwa na hijai dhaifu na msamiati wa kawaida: 13. Ile ya lori ilipata 10, na chini yake tukaandika: "Kazi mpya ilimponyokaje? Andika upya aya mbili za mwisho bila ajali."