Swali la insha lisilotaja urefu, kiwango wala idadi ya vyanzo: namna ya kuyapanga kabla hujaandika

"Jadili sababu za Vita vya Maji Maji. Mwisho wa kukusanya ni Ijumaa." Wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili ninaowasaidia kuandika huniletea maswali kama hili kila muhula. Swali halisemi maneno mangapi, halisemi undani gani, halisemi vyanzo vingapi. Wengi hukimbilia kuuliza urefu. Mimi huanza na kiwango, kwa sababu hicho ndicho kinachoamua hayo mengine mawili.

Hatua ya 1: Tambua kiwango

Soma kitenzi cha swali, kisha angalia kozi ni ya mwaka wa ngapi. Kwa mwanafunzi wa sekondari, swali hili linajibiwa kwa kueleza sababu moja baada ya nyingine: kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kodi, ukatili wa maakida. Kwa shahada ya kwanza, "jadili" inakutaka uzipime. Pamba inaeleza vizuri kwa nini vita vilianzia Umatumbi mwaka 1905, lakini haitoshi kueleza kwa nini Wangoni nao waliingia. Hapo ndipo unapolazimika kuuliza dawa ya maji ya Kinjikitile Ngwale ilichangia kiasi gani kuziunganisha jamii ambazo hazikuwa na malalamiko yanayofanana. Shahada ya umahiri inakwenda mbali zaidi: unajadili wanahistoria wenyewe, kwa mfano kama ni sawa kuviita vita hivi chimbuko la utaifa wa Tanganyika.

Ukiwa mwaka wa pili, kiwango chako ni kile cha katikati. Ukiishia kuorodhesha, hata kurasa kumi hazitakuokoa.

Hatua ya 2: Pata urefu kutokana na hoja

Kwanza pitia muhtasari wa kozi. Mara nyingi urefu umeandikwa huko, chini ya sehemu ya upimaji, na hakuna aliyesoma. Usipoupata, hesabu hoja zako.

Katika swali letu nachukua hoja tatu: pamba na kazi za shuruti, kodi na utawala wa maakida, kisha imani ya maji. Hoja moja yenye dai, ushahidi na maelezo ya ushahidi huo hunichukua maneno kama 300, kwa hiyo tatu ni 900. Kuzipima hoja zenyewe kwa zenyewe naweka 300, utangulizi 150, hitimisho 150. Jumla ni 1,500, yaani kurasa tano au sita za herufi saizi 12 zenye nafasi mbili kati ya mistari.

Utajua umebana mno pale aya inapokuwa na dai bila ushahidi. Utajua umevuta mno pale unapoanza kusimulia historia yote ya Wajerumani ili ujaze kurasa.

Hatua ya 3: Vyanzo

Kila hoja naipa vyanzo viwili: kimoja cha kuthibitisha tukio, kingine cha kulifasiri. Hoja tatu zinafika vyanzo sita. Ila idadi peke yake haitoshi. Kumbukumbu za serikali ya Kijerumani zinaviona vita kwa jicho la mtawala, kwa hiyo nataka angalau chanzo kimoja kinachotumia masimulizi ya wazee, kama yale yaliyokusanywa na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968 na 1969. Daftari la mihadhara silihesabu.

Hatua ya 4: Mpelekee mhadhiri pendekezo

Ukiuliza "Insha iwe na maneno mangapi?" unaweza kujibiwa "ya kutosha", ukabaki pale pale. Mpe kitu anachoweza kukubali au kukirekebisha kwa neno moja:

"Shikamoo Mwalimu. Kuhusu insha ya Maji Maji, napanga maneno 1,500 bila kuhesabu marejeo, vyanzo visivyopungua sita, na nitapima uzito wa sababu badala ya kuziorodhesha tu. Je, niendelee hivyo?"

Ni vizuri zaidi kiongozi wa darasa ndiye autume, ili jibu liwafikie wote kwa pamoja na msije mkasahihishwa kwa vipimo tofauti. Utumeni mapema, wakati bado mnasoma vyanzo.

Jibu lisipokuja, andika kwa mpango huo, na mwishoni mwa utangulizi eleza mipaka yake: insha inapima sababu tatu, na haiingii kwenye mwenendo wa vita wala njaa iliyofuata. Msomaji ataona umechagua, hukusahau.

Na mhadhiri akijibu "maneno 3,000", usizirefushe aya zilizopo. Ongeza hoja: wape Wangoni sehemu yao, eleza walivyopoteza mamlaka chini ya Wajerumani, linganisha na Umatumbi, na utafute vyanzo viwili vya sehemu hiyo. Kisha rudi kwenye sehemu ya upimaji uipanue, maana sasa ina mengi zaidi ya kupima.